Namba zimegoma kujumlishwa baada ya kugeuza ripoti ya PDF kuwa Excel

karani_mpya

Wakuu salaam. Nimeletewa ripoti ya kurasa 11 ikiwa PDF, nikaigeuza kuwa Excel kwa programu ya kugeuzia mafaili. Kwa macho imetoka safi: mistari imekaa sawa, vichwa vya safu vipo, hata koma za maelfu hazijapotea. Shida iko kwenye safu ya kiasi. Nikiandika SUM naletewa 0. Si ujumbe wa hitilafu, ni sifuri kavu. Nikipanga kuanzia dogo kwenda kubwa, 980.00 inakwenda mwisho kabisa kana kwamba ndiyo kubwa kuliko zote, na 12,400.75 inatangulia 67.20.

Jedwali la mwisho la ripoti ni fupi, nalinakili hapa kama lilivyo. Kwenye PDF jumla yake imechapwa 12,342.45.

```
A2   1,250.00
A3   980.00
A4   (315.50)
A5   12,400.75
A6   67.20
A7   2,040.00-
```

Yenye mabano na yenye kistari mwishoni ni za kutoa. Ripoti nzima ina mistari 412, kwa hiyo habari ya kuandika upya kwa mkono naomba tusiiguse.

kalamu_ya_babu

Namba kuwa maandishi Excel haina fomula yake, lazima utafute makro. Mimi ninayo moja, ukiipa 1,250 inakuandikia "elfu moja mia mbili na hamsini". Inafaa sana kwa hundi. Ila kwenye senti huwa inajikanyaga kidogo.

karani_mpya

Shikamoo mzee. Mimi nataka kinyume chake. Namba zangu ni tarakimu tayari, lakini Excel inazichukulia kama maneno.

kalamu_ya_babu

Marahaba. Basi nimeelewa vibaya. Ukiihitaji ile makro, ipo.

haraka_haraka

Hii kitu ndogo sana. Chagua safu nzima, nenda kwenye fomati, toa `Text` weka `Number`. Ikikaidi, andika 1 kwenye seli tupu, inakili, chagua namba zako, halafu `Paste Special` na `Multiply`. Kila namba inazidishwa kwa moja na inageuka kuwa namba halisi. Miaka yote natumia hiyo na haijawahi kuniangusha.

karani_mpya

Nimebadilisha fomati, hakuna kilichosogea. Nikazidisha kwa 1, na ili nisihangaike nikachagua karatasi yote. Safu ya kiasi iko vilevile, haijabadilika hata moja. Lakini misimbo ya bidhaa imeharibika! 00417 imekuwa 417, na namba za utambulisho zenye tarakimu 16 sasa zinaonekana 4.50712E+15. Hii ni kawaida?

bi_hesabu

Ndugu karani, usihifadhi hilo faili. Rudisha nyuma kwa Ctrl+Z mpaka misimbo irudi. Ukishindwa, geuza PDF upya. Excel inabeba tarakimu 15 tu za namba, kwa hiyo ile ya 16 imeshakuwa sifuri, na hata ukiirudisha kuwa maandishi haitarudi. Sifuri za mbele za 00417 nazo zimekwenda. Msimbo haujumlishwi na mtu yeyote, kwa hiyo kule kukaa kama maandishi ndiko mahali pake. Safu ya kurekebisha ni ile ya kiasi peke yake.

Kuhusu fomati, haraka_haraka yuko nusu sahihi. Fomati ni nguo. Ukimvika nguo mtu aliyekwisha kuingia ndani humbadilishi yeye, unabadilisha muonekano tu. Seli iliyoingizwa kama maandishi inabaki maandishi hadi iingizwe upya, ndiyo maana watu huenda seli moja baada ya nyingine wakibonyeza F2 na Enter.

Kuzidisha kwa 1 ni njia nzuri, lakini kunafaa pale tu ambapo ndani ya seli mna tarakimu na alama ambazo Excel inazitambua. Kukitokea kitu kingine humo, hata kimoja kisichoonekana, kuzidisha kunapita kando bila kusema neno. Ndicho kilichokupata.

Kabla ya kurekebisha chochote tuangalie kilichomo. Andika hizi tatu kwenye seli tupu, utuletee majibu:

```
=A2*1
=LEN(A2)
=UNICODE(RIGHT(A2,1))
```

Na utuambie kama kuna pembetatu ndogo ya kijani kwenye pembe ya seli.

karani_mpya

Nimegeuza upya, misimbo imerudi salama. Majibu ni haya: ya kwanza `#VALUE!`, ya pili 9, ya tatu 160. Pembetatu ya kijani hakuna. Nimehesabu 1,250.00 kwa kidole, pamoja na koma na nukta ni herufi 8. Hiyo ya tisa iko wapi?

bi_hesabu

Iko mwishoni, na jina lake ni hiyo 160. Ni nafasi, lakini si ile ya kitufe kirefu cha kibodi, ambayo ni 32. Hii ya 160 hutumika kuzuia maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari, na imejaa kwenye kurasa za wavuti na kwenye mafaili yaliyogeuzwa. Kwa jicho zinafanana kabisa. Kwa Excel nafasi ya kawaida mwishoni inasameheka, ila ya 160 ni herufi kama A au B. Ndiyo maana hata pembetatu haikutokea: Excel huweka pembetatu pale inapoona maandishi yanayofanana na namba, na hapa haikuona namba yoyote.

Ile `=A2*1` mimi huitumia kama kipimo cha kwanza siku zote. SUM ikisoma seli huruka maandishi kimya kimya, ndiyo ile sifuri yako. Alama za kuzidisha na kujumlisha haziruki, hulazimisha kugeuza. Ungepata 1250 ningekwambia seli ni safi, imevaa tu nguo ya maandishi, na mbinu ya haraka_haraka ingetosha. Umepata `#VALUE!`, kwa hiyo mna uchafu ndani.

mchana_kutwa

Si atumie TRIM tu? Inaondoa nafasi zote za ziada.

bi_hesabu

TRIM inaijua 32 tu. Ya 160 inaiacha. Jaribu mwenyewe uone LEN inabaki ileile.

karani_mpya

Kweli, TRIM nimejaribu, bado 9.

haraka_haraka

Sawa, nakubali hiyo sikuijua. Basi tumia Ctrl+H. Nakili hiyo nafasi kutoka ndani ya seli, ibandike kwenye `Find what`, `Replace with` acha tupu, `Replace All`. Ukiwa hapohapo ondoa na mabano na kile kistari, maana navyo vinazuia.

karani_mpya

Wakuu, imekubali! Namba zimehamia kulia na zinajumlishika. Lakini jumla ya lile jedwali dogo inasoma 17,053.45 na kwenye PDF ni 12,342.45. Kuna mstari umejirudia?

bi_hesabu

Hakuna mstari uliojirudia. Toa moja kwa nyingine: 17,053.45 kutoa 12,342.45 ni 4,711.00. Gawa kwa mbili, unapata 2,355.50. Sasa angalia orodha yako: 315.50 na 2,040.00 ukizijumlisha ni 2,355.50 hasa. Hizo mbili zilikuwa za kutoa, mkaziondolea mabano na kistari, zikawa za kujumlisha. Namba ikipoteza alama yake ya kutoa, jumla hukosea kwa mara mbili ya namba hiyo. Ukiona jumla haikubali, hiyo nusu ya tofauti ndiyo ya kuitafuta kwanza.

Tofauti ingekuwa kwenye mistari 412 bila jumla iliyochapwa, mngekwenda na hiyo 17,053.45 mkiwa mmefurahi. Sifuri ilikuwa inakwambia ukweli kuliko hiyo.

haraka_haraka

Hapo nimeteleza, samahani karani.

bi_hesabu

Yanatokea. Tufanye hivi. Safu A irudishe kama ilivyotoka kwenye PDF, na mabano na vistari vyake, kisha usiiguse tena. Kwenye B ondoa nafasi ya 160:

```
=SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160),"")
```

Kwenye C ndipo ugeuze:

```
=IF(RIGHT(B2,1)="-",-VALUE(LEFT(B2,LEN(B2)-1)),VALUE(B2))
```

Hiyo ya pili inasema: kama herufi ya mwisho ni kistari, kikate, geuza kilichobaki, kisha weka alama ya kutoa mbele. La sivyo geuza moja kwa moja. Mabano VALUE inayaelewa yenyewe, (315.50) inatoka -315.5. Koma za maelfu pia inazielewa, mradi kompyuta yako imewekwa kutumia nukta kwa desimali, na kwa namba ulizoleta naona ndivyo.

Usitumie fomula moja ndefu inayofanya kila kitu. Ikigoma hutajua imegomea wapi.

dirisha_la_takwimu

Kwa nini msitumie `Text to Columns`? Ukifika hatua ya mwisho kuna `Advanced`, na humo kuna kisanduku `Trailing minus for negative numbers`. Hakuna fomula hata moja.

bi_hesabu

Ni njia halali, na kwa kistari cha mwisho ni nyepesi kweli. Ila aondoe nafasi ya 160 kwanza, na anakili safu kando, kwa sababu inaandika juu ya ile ya asili. Mimi napenda kuona ya zamani na mpya zikiwa bega kwa bega.

karani_mpya

Jedwali dogo: 12,342.45. Limekubali senti kwa senti. Nimeshusha fomula mpaka chini kwenye mistari yote 412, sasa SUM ya chini inasoma `#VALUE!`.

bi_hesabu

Vizuri, maana sasa seli mbovu zinapiga kelele. Andika `COUNTA` ya safu C, halafu `COUNT`. Ya kwanza inahesabu seli zote zenye kitu, ya pili namba tu. Tofauti yake ndiyo idadi ya zilizobaki. Kisha chuja safu C ionyeshe `#VALUE!` tu.

karani_mpya

COUNTA 412, COUNT 399. Kwa hiyo 13. Kumi ni neno "Kiasi", yaani kichwa cha safu kilichojirudia juu ya kila ukurasa kuanzia wa pili hadi wa kumi na moja. Hizo nimefuta mistari yake. Zilizobaki ni tatu:

```
1,O75.00
l40.00
−88.00
```

Hizi mbona ziko sawa?

mchana_kutwa

Ya kwanza angalia vizuri, hiyo si sifuri, ni herufi O. Na ya pili inaanza na herufi l ya "lala", si moja.

karani_mpya

Duh. Macho yangu yamepita hapo mara tano.

bi_hesabu

Ahsante mchana_kutwa. Ya tatu pima herufi ya kwanza kwa `=UNICODE(LEFT(A2,1))`, ukiweka namba ya mstari wake badala ya A2. Natarajia 8722. Hiyo ndiyo alama ya kutoa ya wachapaji, wakati kistari cha kibodi ni 45. Ibadilishe kwa SUBSTITUTE, `UNICHAR(8722)` iwe `"-"`, na utakuwa umepona.

Zile mbili za kwanza zinanitia wasiwasi zaidi. Je, zinatoka ukurasa mmoja?

karani_mpya

Ni 8722 kweli. Na ndiyo, zote mbili zinatoka ukurasa wa 7. Nimekuza PDF, ukurasa huo ni picha, inaonekana uliskaniwa ukapachikwa katikati. Maandishi yake hayachaguliki.

bi_hesabu

Basi programu ilikuwa inakisia maumbo ya herufi kwenye ukurasa huo. O badala ya sifuri umeinasa kwa sababu imeharibu namba. Lakini 8 ikisomwa 3 inatoka namba safi kabisa, hakuna fomula duniani itakayoilalamikia. Ukurasa wa 7 linganisha na jumla yake iliyochapwa, kama ipo.

karani_mpya

Ipo, kila sehemu ya ripoti ina jumla yake ndogo. Hizo nazo zilikuwa zimejumlishwa ndani ya SUM kubwa, nikashangaa kuona jumla imekuwa maradufu, nimezitenga. Sehemu zote zimekubali isipokuwa ya ukurasa wa 7, imepungua 50.00. Nimepitia mstari kwa mstari: 580.00 imesomwa 530.00. Jumla kuu sasa inalingana na ya PDF.

Kupanga nako kumekaa sawa. 12,400.75 imekwenda ilikostahili.

bi_hesabu

Sasa nakili C, ibandike kama `Values` kwenye safu yake mpya. A iache hadi ripoti ikubaliwe.

mpita_njia_wa_excel

Samahani kwa kudandia uzi. Yangu inafanana ila SUM haileti sifuri, inaleta namba ndogo ajabu. Faili ni CSV kutoka mfumo unaoandika nukta kwa maelfu na koma kwa desimali, mfano 1.250,75. Nimeona mahali NUMBERVALUE ndiyo dawa:

```
=NUMBERVALUE(A2,",",".")
```

Kwa 1.250,75 inatoa 1250.75 vizuri. Lakini kuna seli inaonekana 3.5 na fomula inanipa 35. Kwenye mfumo ni 3.500, yaani elfu tatu na mia tano.

bi_hesabu

Hiyo ni mbaya kuliko ya karani. Ulipofungua CSV, kompyuta yako ilisoma nukta kama desimali. 1.250,75 haikueleweka, ikabaki maandishi. 3.500 ilieleweka, ila vibaya: ikawa 3.5, namba halali, na sifuri mbili zikaondoka. Halafu NUMBERVALUE ikaambiwa nukta ni ya maelfu, ikaitupa, ikapata 35. Sasa una safu moja yenye lugha mbili, na ndiyo maana SUM inaruka zile zilizobaki maandishi, inajumlisha zilizosomwa kama namba tu, hata zile zilizosomwa vibaya.

Hapo usirekebishe seli. Rudi kwenye CSV. Usiifungue kwa kubofya mara mbili, iingize kupitia `Data`, `From Text/CSV`, bonyeza `Transform Data`. Kama Excel imeongeza hatua ya `Changed Type`, ifute, kisha bofya kulia kichwa cha safu ya kiasi, `Change Type`, `Using Locale`, uchague aina `Decimal Number` na nchi inayoandika namba kwa mtindo wa hilo faili.

dirisha_la_takwimu

Hiyo `Transform Data` ndiyo mlango wa Power Query, nilikuwa nangoja mtu aifikie. Hata karani angeanzia huko. Ripoti ya mwezi ujao unabadilisha faili tu, unabonyeza `Refresh`, kazi kwisha.

bi_hesabu

Kama ripoti inakuja kwa umbo lilelile kila mwezi, nakubali. Yake ina ukurasa wa picha katikati. Mwezi ujao huenda ukawa ukurasa wa 3, na hatua zilizoandikwa mwezi huu hazitajua.

dirisha_la_takwimu

Seli inayoshindwa kugeuka inaandikwa `Error`, utaiona tu.

bi_hesabu

Ile 530.00 ingeandikwa `Error`?

dirisha_la_takwimu

Hapana, hiyo isingeonekana. Lakini hata fomula zako hazikuiona, imeonekana kwa jumla iliyochapwa. Bado nasema hatua zirekodiwe mara moja.

kijiji_cha_calc

Kwa wanaotumia LibreOffice, bonyezeni Ctrl+F8. Maandishi yanakaa rangi nyeusi, namba bluu, fomula kijani. Safu ya mchanganyiko unaitambua papo hapo bila kipimo chochote.

mpita_njia_wa_excel

Nimeingiza upya kwa `Using Locale`, faili la mwezi huu limekaa sawa. Shida ni la mwezi uliopita: nililifungua, nikahifadhi juu ya ileile CSV. Ndani yake sasa 3.5 ipo kama 3.5. Naweza kuzidisha zote zisizo na koma kwa 1000?

bi_hesabu

Huwezi kwa upofu. 250 halisi isiyo na nukta nayo ni namba isiyo na koma, utaifanya 250000. Iliyo na sehemu ya desimali, kama 3.5, ni wazi ilikuwa 3.500, kama tu mfumo wako hutumia koma kwa desimali bila kukosa. Lakini 4.000 imeshakuwa 4, na 4 halisi ni 4 vilevile. Je, mfumo huandika senti kila mara, hata zikiwa sifuri?

mpita_njia_wa_excel

Sivyo, nyingine zina senti na nyingine hazina. Na 4 kavu naziona kama kumi hivi.

bi_hesabu

Basi hizo kumi omba ripoti itolewe tena kwenye mfumo. Kwenye faili ulilonalo jibu lake halimo.